Mafua ya ndege na vipokezi vya seli zetu: yanayosemwa na yalivyo

Ukiuliza kwa nini mafua ya ndege, yaani H5N1, hayajaanza kusambaa kutoka mtu hadi mtu, jibu utakalopewa mara nyingi ni hili: binadamu hana kipokezi cha kirusi hicho. Jibu hilo limebeba ukweli kiasi, lakini ukilichukua lilivyo utashindwa kueleza kwa nini kuna watu waliokufa kwa H5N1, kwa nini wengine waliishia kuumwa macho tu, na kwa nini ng'ombe wa maziwa waliugua kiwele badala ya mapafu. Hapa nashughulika na virusi vya mafua peke yake, kwa kuwa habari ya vipokezi vyake imechunguzwa kwa undani kuliko ya virusi vingi vingine.

Dhana: kirusi huitafuta seli yake, kisha kipokezi humfungukia kama kufuli na ufunguo

Kirusi hakitafuti kitu. Hakina macho wala mwendo wake chenyewe. Ni kijidude chenye upana wa takriban nanometa 100, sawa na sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kinachosukumwa huku na huko na majimaji na hewa. Kinagonga seli za kila aina, na nyingi kati ya hizo kinaziacha bila kunasa.

Kinachoamua kama kitanasa ni protini iliyochomoza juu yake kwa mamia, iitwayo himaglutinini, ambayo ndiyo herufi H katika majina kama H5N1. Kwenye ncha ya protini hiyo kuna kishimo kidogo, na ndani ya kishimo hicho huingia sukari iitwayo asidi ya sialiki, ambayo iko kwenye ncha za minyororo ya sukari inayofunika seli zetu. Hicho ndicho kipokezi cha mafua: si mlango maalumu uliojengwa kwa ajili yake, bali sukari ya kawaida ambayo mwili huitumia kwa kazi zake.

Hapo ndipo mfano wa kufuli na ufunguo unapopotosha. Ufunguo ama unafungua au haufungui. Himaglutinini moja ikishika sukari moja, mshiko ni dhaifu sana na huachia upesi. Kirusi hubaki mahali pake kwa sababu mishiko mingi dhaifu hufanyika kwa pamoja. Kwa hiyo swali la maana si kama seli ina kipokezi au haina. Swali ni sukari hizo ni ngapi, zimekaa kwa msongamano gani, na zinaingia vizuri kiasi gani kwenye kishimo.

Tena kushika kupita kiasi ni hasara. Ute unaofunika njia ya hewa umejaa asidi ya sialiki, na kirusi kinaweza kunasa humo kabla hakijafika kwenye seli. Ndiyo maana kina protini ya pili, nyuraminidasi, inayokata sukari hizo na kukiachia. Kazi zote mbili zilianza kuonekana katika jaribio moja rahisi. Mwaka 1941 George Hirst, huko Marekani, aliona kwamba virusi vya mafua vikichanganywa na chembe nyekundu za damu ya kuku, chembe hizo hugandana. Baadaye ilionekana kwamba zikiachwa kwa muda huachana zenyewe, na kirusi kilekile hakiwezi kuzigandisha tena, kwa kuwa sukari zimekwisha kukatwa. Mafua hayo yanaishi kwa kusawazisha kushika na kukata.

Dhana: ndege wana kipokezi chao, binadamu ana chake

Tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Asidi ya sialiki huunganishwa na sukari iliyo chini yake, galaktosi, kwa njia mbili kuu. Inaweza kushika kwenye kaboni namba 3 ya galaktosi au kwenye kaboni namba 6. Mabadiliko hayo hubadilisha mkao wa mnyororo mzima: aina ya kwanza hukaa ikiwa imenyooka na nyembamba, ya pili hujikunja na kuhitaji nafasi pana zaidi. Virusi vya ndege huipenda ile ya 3, ambayo imejaa kwenye utumbo wa bata, na ndiyo maana kwa bata mafua ni maambukizi ya utumbo yanayoenea kwa kinyesi kupitia maji. Virusi vya mafua ya binadamu huipenda ile ya 6, iliyotapakaa puani, kooni na kwenye bomba la hewa.

Lakini binadamu anayo pia ile ya 3. Watafiti hulijua hilo kwa kutumia protini za mimea zinazoshika sukari kwa kuchagua: ya mti wa sambukusi hushika aina ya 6, na ya mti wa maakia hushika aina ya 3. Ukizitia rangi na kuzimwagia juu ya kipande chembamba cha tishu, ramani ya vipokezi hujitokeza chini ya hadubini. Mwaka 2006 ramani za namna hiyo zilionyesha kwamba kwa binadamu aina ya 3 inapatikana ndani kabisa ya mapafu, kwenye vifuko vya hewa. Ipo pia kwenye utando wa jicho.

Ukiijua ramani hiyo, mambo mengi yanaeleweka. Hong Kong mwaka 1997 watu 18 waliambukizwa H5N1 na 6 wakafa. Kirusi kilichovutwa kwa wingi hadi chini kilikuta seli za kushika, kikaleta nimonia kali. Lakini kirusi kilichojificha kule chini hakitoki kwa urahisi na kikohozi au chafya, kwa hiyo mgonjwa huumia sana ila haambukizi wengine kwa wepesi. Mafua ya kawaida ni kinyume chake: hukaa juu, huumiza kidogo, husambaa haraka. Na katika mlipuko wa H7N7 kwenye mabanda ya kuku Uholanzi mwaka 2003, wengi wa watu 89 waliothibitishwa kuambukizwa waliumwa macho, ingawa daktari mmoja wa mifugo alifariki kwa nimonia.

Ng'ombe wa Marekani mwaka 2024 wanathibitisha jambo lilelile kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Virusi vya H5N1 vilionekana kwa wingi mno kwenye maziwa, huku dalili za njia ya hewa zikiwa hafifu. Tishu zilipochunguzwa, kiwele kilikutwa na vipokezi tele, vya ndege na vya binadamu kwa pamoja. Swali lenye faida, basi, si “je, mnyama huyu ana kipokezi?” bali “anacho kwenye tishu gani, na kirusi kitafikaje hapo?”

Dhana: badiliko moja tu la jeni, na janga limefika

Dhana hii inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu si ya kupuuzwa. Virusi vya H2 vilivyoleta janga mwaka 1957 na vya H3 vilivyoleta janga mwaka 1968 vilipata himaglutinini zao kutoka kwa ndege. Katika zote mbili, mabadiliko ya asidi amino mbili kwenye ukingo wa kishimo, namba 226 na 228, yalitosha kugeuza upendeleo kutoka sukari ya 3 kwenda ya 6. Na Desemba 2024 watafiti walionyesha kwamba kwenye himaglutinini ya H5N1 ya ng'ombe, badiliko moja tu la namba 226 linageuza mshiko kuelekea sukari ya binadamu. Hilo walilipima kwa protini peke yake, si kwa kirusi hai.

Kushika sukari sahihi, hata hivyo, ni sehemu ya safari. Mwaka 2012 makundi mawili, moja la Rotterdam na jingine la Wisconsin, yalifanikiwa kupata virusi vyenye himaglutinini ya H5 vinavyosafiri kwa hewa kati ya ferreti, mnyama wa ukoo wa vicheche ambaye njia yake ya hewa inafanana na yetu kwa vipokezi. Kwa makundi yote mawili, mabadiliko ya kishimo peke yake hayakutosha. Palihitajika pia badiliko linaloifanya himaglutinini iwe imara zaidi, isijifungue mapema kabla ya kufika kwenye asidi ya ndani ya seli. Na kirusi kilichotengenezwa Rotterdam kilibeba pia badiliko kwenye kimeng'enya cha kunakili jeni, ili kifanye kazi vizuri ndani ya seli za mamalia.

Dhana: kikishika, kimeingia

Kushika ni mwanzo. Himaglutinini hutengenezwa ikiwa kipande kimoja ambacho lazima kikatwe viwili, la sivyo kirusi hakiwezi kuungana na utando wa seli na kumwaga jeni zake ndani, hata kikiwa kimenasa vizuri namna gani. Virusi vingi vya mafua hukatwa na vimeng'enya vinavyopatikana kwenye njia ya hewa na utumbo tu. Baadhi ya virusi vya H5 na H7 vina mfululizo wa asidi amino zenye chaji chanya pale pa kukatwa, na hapo furini, kimeng'enya kilichomo karibu katika kila seli, huweza kuikata.

Tazama kuku wawili. Wote wana asidi ya sialiki kwenye tishu nyingi za mwili. Aliyepata kirusi kisicho na mfululizo huo huugua kidogo, akapunguza mayai. Aliyepata kirusi chenye nao huvimba kichwa, huvuja damu ndani na kufa katika siku chache, kwa kuwa kirusi kimeenea hadi kwenye moyo na ubongo. Vipokezi ni vilevile. Tofauti iko kwenye mkasi.

Dhana: watoto na wazee huathirika tofauti kwa sababu vipokezi vyao ni tofauti

Umri ndipo maelezo ya vipokezi yananyooshwa kupita uwezo wake. H5N1 imewapata zaidi watoto na vijana. H7N9, iliyotokea China mwaka 2013, iliwapata zaidi watu wazima wenye umri mkubwa. Zote mbili zimetoka kwa ndege, kwa hiyo kama sababu ingekuwa vipokezi vinavyobadilika na umri, ungetarajia zifuate mwelekeo mmoja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulitazama mwaka wa kuzaliwa badala ya umri. Himaglutinini zimegawanyika katika makundi mawili makubwa: H1, H2 na H5 ni ndugu, H3 na H7 ni ndugu. Kati ya 1918 na 1968 binadamu walizungukwa na H1, kisha H2. Mwaka 1968 H3 ikashika nafasi hiyo. Mtu aliyezaliwa kabla ya 1968 kwa kawaida alikutana kwanza utotoni na kundi la H1, na kinga yake ikabaki na kumbukumbu inayomsaidia dhidi ya H5. Wengi waliozaliwa baada ya hapo walianza na H3, wakapata ahueni dhidi ya H7. Sehemu ya himaglutinini inayokumbukwa hivyo ni hasa shina lake, ambalo hubadilika kidogo kuliko kishimo cha kushikia sukari.

H1 ilirudi mwaka 1977 na tangu hapo imekuwa ikizunguka pamoja na H3, kwa hiyo kwa waliozaliwa baadaye hakuna mstari mmoja wa kuwagawa. Wawili waliozaliwa mwaka mmoja, wenye vipokezi vilevile mapafuni, wanaweza kuikabili H5N1 kwa kinga tofauti, kutegemea ni mafua gani yaliyomfikia kila mmoja kwanza.