Kilele cha sukari baada ya kula: kwa nini kipimo cha saa mbili huweza kukikosa

Swali: Mimi ni mama wa miaka 54, ninaishi Mbagala na ninatumia metfomini. Nikipima saa mbili baada ya kula ninapata 8 na kitu, lakini kipimo cha miezi mitatu kimetoka asilimia 7.9. Kipi kinanidanganya?

Inawezekana kabisa kwamba vyote viwili vinasema kweli, mama. Asilimia 7.9 ya HbA1c inalingana na wastani wa sukari wa karibu 10 mmol/L, usiku na mchana, kwa wiki nane hadi kumi na mbili zilizopita. Kama kila unapopima unakuta 8, basi lazima ziko saa nyingine ambazo sukari yako iko juu sana nawe hupimi, na mahali pa kwanza pa kutafuta ni katikati ya tonge la kwanza na hizo dakika 120 unazosubiri. Nitaongeza tahadhari moja: upungufu wa damu na ugonjwa wa selimundu huweza kupotosha HbA1c, kwa hiyo kama unavyo, mweleze daktari wako kabla hajabadilisha dawa.

Swali: Kwani sukari hufika juu kabisa baada ya muda gani?

Kwa watu wengi wenye kisukari, kilele huja kati ya dakika 60 na 90 tangu kuanza kula. Lakini kilele hicho hakina saa maalumu, kwa sababu kinategemea mwendo ambao tumbo linatoa chakula kwenda kwenye utumbo mwembamba, ambako ndiko glukosi inakoingia kwenye damu. Soda, juisi ya miwa na uji mwepesi hupita haraka, na kilele chake huweza kuja mapema hata kabla ya dakika 60, kisha kikashuka kabla hujashika mashine. Mafuta hufanya kinyume chake, kwa kuwa yanalipunguzia tumbo kasi ya kutoa chakula. Ndiyo maana sahani ya chipsi mayai, au wali wa nazi wenye nyama ya mafuta, huweza kukuonyesha namba nzuri katika dakika ya 120 wakati sukari yenyewe bado inapanda.

Mwili wa mtu asiye na kisukari hutoa insulini nyingi katika dakika za mwanzo kabisa za kula, na insulini hiyo huliambia ini lisimamishe kutoa sukari yake. Katika kisukari cha aina ya pili, mmiminiko huo wa mwanzo ndio unaopungua mapema, wakati insulini inayofuata baadaye bado ipo. Kwa hiyo sukari hupanda sana kwanza, kisha insulini iliyochelewa huivuta chini, na kipimo cha saa mbili huikuta ikiwa njiani kushuka.

Swali: Nitakijuaje kilele changu bila kumaliza stripu zote? Zina gharama.

Chagua mlo mmoja unaoula mara kwa mara, na uule kwa kiasi kilekile kwa siku nne, si lazima zifuatane. Kila siku tumia stripu mbili tu, moja kabla ya kula na nyingine baada ya kula, ukibadilisha dakika: siku ya kwanza 60, ya pili 90, ya tatu 120, ya nne 180. Siku ambayo kipimo cha kabla ya kula kiko mbali na siku nyingine, kwa mfano kimezidi kwa 2 au zaidi, iache, kwa maana hailingani na zile nyingine.

Tuchukue mfano wa mtu anayekunywa uji wenye sukari na kula maandazi mawili asubuhi. Kabla ya kula anapata karibu 7.2 kila siku. Dakika ya 60 anapata 13.4, ya 90 anapata 11.3, ya 120 anapata 8.7, na ya 180 anapata 7.5. Kama angepima katika dakika ya 120 peke yake, angeamini kwamba uji ule umepandisha sukari kwa 1.5, kumbe umeipandisha kwa zaidi ya 6. Mtu huyohuyo jioni anakula chipsi mayai akiwa na 7.4: dakika ya 60 ni 8.9, ya 90 ni 9.4, ya 120 ni 9.8, na ya 180 ni 13.1. Kipimo cha saa mbili kimekosa vilele vyote viwili, cha asubuhi kwa kuchelewa na cha jioni kwa kuwahi.

Usiing'ang'anie tofauti ndogo. Mashine iliyo nzuri huruhusiwa kutofautiana na maabara kwa hadi asilimia 15, hivyo 11.3 na 10.6 zihesabu kuwa ni kitu kimoja. Nawa mikono kwa maji na sabuni, kisha ikaushe kabisa. Kidole kilichomenya embe huipa mashine sukari ya embe.

Swali: Nianze kuhesabu nikianza kula au nikimaliza?

Ukianza, kwenye tonge la kwanza. Mtu anayekula taratibu huku akizungumza huweza kutumia dakika 40, na akihesabu tangu alipomaliza, kipimo chake cha “saa mbili” kinakuwa cha dakika 160. Napendelea kusema dakika 120 kuliko saa mbili, kwa sababu nimeshakutana na wagonjwa walioambiwa “pima saa mbili” wakawa wanapima saa mbili asubuhi, wengine wakiwa wamekula na wengine hawajala.

Swali: Basi kwa nini kliniki wanasisitiza saa mbili?

Sababu moja ni kwamba muda huo unatumika katika kugundua ugonjwa: mtu hunywa gramu 75 za glukosi, na akifika 11.1 au zaidi baada ya saa mbili, huhesabiwa kuwa na kisukari. Pale kila mtu anakunywa kitu kilekile, kwa hiyo muda mmoja unafaa kulinganisha watu. Nyumbani hakuna anayekunywa glukosi tupu. Kwa ufuatiliaji, lengo linalotumika sana kwa watu wazima wasio wajawazito ni chini ya 10.0 mmol/L katika saa moja hadi mbili tangu kuanza kula, na dirisha hilo ni pana kwa makusudi, ili kukikuta kilele. Kwa mjamzito malengo ni makali zaidi na kila muda una namba yake: chini ya 7.8 kwa saa moja, chini ya 6.7 kwa saa mbili.

Swali: Nikikuta 13 dakika ya 60, niongeze dawa?

Hapana. Kidonge cha metfomini cha ziada hakitashusha kilele cha mlo huo. Kwa anayetumia insulini hatari ni kubwa zaidi: ile ya muda mfupi isiyo na ukungu, aliyochoma kabla ya kula, bado inafanya kazi kwa saa kadhaa, na akichoma nyingine juu yake zote mbili zitamshusha pamoja wakati chakula kimeshaisha tumboni. Badilisha mlo kwanza: punguza sukari kwenye uji, toa andazi moja uweke yai, tembea dakika 15 baada ya kula, kisha upime tena katika dakika ileile ya 60. Ikibaki juu ya 10, peleka daftari lako kliniki likiwa na saa ya tonge la kwanza, chakula chenyewe na dakika uliyopima, kwani namba isiyo na dakika zake daktari hawezi kuitumia kupanga dawa.