Chunusi za kwenye taya: kwa nini zinarudi kila mwezi

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 29. Paji lake la uso ni safi, lakini kila mwezi vipele vitatu au vinne humtoka kwenye taya na kidevu. Viko ndani, vinauma akivigusa, na havina usaha wa kukamua. Mara tatu amenunua antibiotiki ya doksisaiklini duka la dawa. Akimeza wiki mbili vinatulia, kisha vinarudi palepale.

Mgonjwa kama huyu kwanza namwomba kalenda. Kwa miezi 3 aandike siku hedhi ilipoanza na siku kila kipele kipya kilipochomoza. Mara nyingi alama za vipele hukusanyika wiki moja kabla ya hedhi.

Siku hizo homoni za kike, estrojeni na projesteroni, hushuka, ilhali testosteroni, homoni ya kiume ambayo kila mwanamke anayo kwa kiasi kidogo, haishuki kiasi hicho. Hiyo ndiyo inayochochea tezi za ngozi kutoa mafuta. Mafuta yakizidi na tundu la kinyweleo likaziba, bakteria huzaliana humo na uvimbe huanza. Na taya na kidevu ndipo mwanamume anapoota ndevu kwa homoni hiyohiyo.

Wengi hushangaa vipimo vya damu vikitoka vya kawaida. Si kwamba maabara imekosea. Homoni haijazidi, tezi zake ndizo nyepesi kuitikia. Doksisaiklini hupunguza bakteria na uvimbe, lakini haizuii tezi kutoa mafuta, na tundu huanza kuziba wiki kadhaa kabla kipele hakijaonekana.

Ila kama hedhi inapishana kwa zaidi ya siku 35, au nywele ngumu zinaota kidevuni, tunachunguza ovari na homoni. Nauliza pia kuhusu uzazi wa mpango, maana kwa baadhi ya wanawake sindano au vijiti vya mkononi huongeza chunusi. Usiache wala kutoa kijiti kabla ya kuzungumza na mhudumu wako. Naulizia na krimu za kung'arisha uso: nyingi zina steroidi, nazo zenyewe huzalisha vipele.

Mwanamke wetu hedhi yake huja kila baada ya siku 28 na hatumii njia hizo. Anaanza adapalini, dawa ya kupaka inayozuia matundu yasizibe, kiasi cha punje ya njegere, akiipaka usiku kwenye taya lote, si juu ya kipele tu. Wiki za mwanzo ngozi hukauka na kuchubuka kidogo. Hapo ndipo wengi huacha. Tunaipa wiki 12. Isipotosha, daktari anaweza kuongeza vidonge vya majira vyenye homoni mbili, au spironolaktoni, inayozuia homoni ya kiume isizichochee tezi. Adapalini na spironolaktoni hazitumiki kwa mjamzito wala anayetafuta mtoto, kwa hiyo swali hilo nalimaliza kabla sijashika kalamu.