Namba ya IMO haikuambii mwenye meli: dhana potofu kuhusu kumsaka mmiliki na mwendeshaji wa meli ya mizigo

Kila meli kubwa ikipata ajali au ikikamatwa bandarini, ndani ya saa chache mitandaoni kunakuwa na majibu manne tofauti kuhusu meli ni ya nani, na kila mtu ana skrinshoti yake. Mara nyingi skrinshoti zote ni za kweli, ila kila mmoja kasoma safu yake akadhani ndo jibu lote. Nitatumia meli moja tu, Ever Given, ile iliyoziba Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 ikakaa siku sita, sababu karibu kila kosa la kusoma rekodi lilifanyika pale.

Dhana: jina lililoandikwa ubavuni ndo mwenye meli

Ubavuni imeandikwa EVERGREEN kwa herufi ambazo hata setilaiti inazisoma, basi dunia nzima ikasema meli ya Evergreen, wengine wakaiita kabisa kwa jina hilo. Ukweli ni kwamba Evergreen ya Taiwan ilikuwa imeikodi kwa muda, yaani inalipia kodi ya meli pamoja na mabaharia wake, inaamua iende wapi na ibebe nini, na kwa kuwa inaitumia kwenye biashara yake inaweka rangi na jina lake. Jina la meli lenyewe liko mbele puani na nyuma kwenye tezi, na chini ya lile la nyuma kunakuwa na bandari ya usajili, ambayo kwa Ever Given ni PANAMA. Hapo hapo nyuma, au ubavuni, au kwenye ukuta wa jengo la mabaharia, utakuta neno IMO, kifupi cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, na tarakimu saba, zimechongwa au zimechomelewa kwenye chuma ili zisifutike kwa rangi. Hizo tarakimu ndo unazitaka, jina achana nalo kwanza, meli hubadilishwa jina kama mtu anavyobadili laini ya simu.

Dhana: tarakimu za namba ya IMO zina siri ya nchi au kampuni

Hamna. Namba haina nchi, haina kampuni, haina aina ya meli. Inatolewa meli inapojengwa na inabaki na chuma hicho mpaka kikakatwe kuwa skrepa, meli iuzwe mara kumi ibadili bendera mara ishirini namba ni ile ile, na haipewi meli nyingine. Kwa meli za mizigo za kuanzia tani 300 za ujazo ni lazima kuwa nayo tangu 1996. Kilichomo ndani yake ni kimoja tu, tarakimu ya saba inahakiki zile sita za mwanzo. Unazidisha ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, unashuka hivyo mpaka ya sita kwa 2, unajumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ifanane na ile ya saba. Ever Given ni 9811000:

```
9×7 + 8×6 + 1×5 + 1×4 + 0×3 + 0×2 = 120
120 inaishia na 0, tarakimu ya saba ni 0: sawa
```

Ukikosea ukaandika 9181000 jumla inakuja 113, inaishia na 3, hapo ujue umegeuza tarakimu. Ni hesabu ya kukamata makosa ya kuandika, sio ya kukamata wezi, na hilo nitalirudia huko chini.

Wanaosema namba ina nchi ndani yake wanaichanganya na MMSI, ambayo ni namba ya redio yenye tarakimu tisa na tatu za mwanzo ndo nchi ya bendera. Ever Given ilikuwa 353136000, na 353 ni ya Panama. Hiyo sasa inabadilika meli ikibadili bendera, kwa hiyo ukimfuatilia mwenye meli kwa MMSI ya zamani utafika kwenye ukuta. Mkanganyiko mwingine ni kwamba kampuni nazo zina namba za IMO, tarakimu saba vilevile, mtu anaichukua namba ya kampuni anaipachika kwenye sehemu ya kutafuta meli halafu anasema meli haipo.

Dhana: "Registered owner" ndo tajiri mwenyewe

Hapa ndo penye uzito kwa hiyo tutakaa kidogo. Fungua Equasis, tovuti ya taarifa za meli, ni bure, unajisajili tu kwa imeili, au GISIS, hifadhi ya taarifa ya IMO wenyewe, ambayo nayo ina akaunti ya bure ya umma. Andika namba, ifungue meli, shuka kwenye sehemu ya kampuni. Kwa Ever Given wakati wa ajali mstari wa Registered owner ulikuwa na Luster Maritime SA, kampuni ya Panama. Wengi huishia hapo, wanaandika "mmiliki ni kampuni ya Panama" na wengine wanaongeza kabisa kwamba ni ya kuficha pesa. Taratibu jamani. Meli nyingi sana duniani zinamilikiwa na kampuni iliyoundwa kwa ajili ya meli hiyo moja, ili deni au kesi ya meli hii isiende kuzikamata dada zake, na pia benki iliyokopesha inapenda hivyo. Inaweza kuwa kuficha, inaweza kuwa utaratibu wa kawaida tu, jina peke yake halikuambii lipi.

Unajuaje kama ni kampuni ya makaratasi? Mimi huwa naangalia vitu viwili. Kwanza bonyeza jina la kampuni uone meli zake, ukikuta meli moja au mbili tu basi mbele yako ni ganda, kiini kiko pengine. Pili soma anwani mpaka mwisho, maana mara nyingi inaanza na maneno `Care of` halafu linafuata jina la kampuni nyingine kwenye nchi nyingine kabisa, na hiyo ya pili ndo unayoitafuta au angalau ndo mlango wake. Kwa Luster Maritime njia inakupeleka Japani, kwa Shoei Kisen Kaisha, kampuni ya kumiliki na kukodisha meli, na hao ndo waliojitokeza hadharani kuomba radhi kama wenye meli.

Na hata hapo usijione umemaliza. Baadaye kwenye kesi ya malipo ya waokoaji iliyosikilizwa London, wenye meli waliotajwa walikuwa wawili, Luster Maritime pamoja na Higaki Sangyo Kaisha. Mstari mmoja kwenye Equasis unaweza kuficha wamiliki wenza, sio kwa ubaya, ni kwamba ile ni hifadhi ya taarifa za usalama wa meli, sio hati ya umiliki. Ukitaka kitu cha kupeleka mahakamani unaomba nakala ya ingizo kwenye rejista ya bendera yenyewe, kwa nyingi unalipia, na inakuonyesha wamiliki pamoja na rehani kama ipo. Ila nayo inaishia kwenye jina la kampuni. Nani ana hisa ndani ya hiyo kampuni ni rejista nyingine, na kuna nchi ambazo hiyo ya pili haifunguliwi kwa umma.

Dhana: mwendeshaji ni mmoja, na lazima yupo kwenye rejista

Neno "mwendeshaji" linabeba watu tofauti, ndo maana watu wanabishana usiku kucha wote wakiwa sahihi. Kuna anayeendesha meli kama chombo: anaajiri mabaharia, anatengeneza injini, anashika vyeti vya usalama. Huyo yupo kwenye rekodi, mstari unaitwa `ISM Manager`, na kwa Ever Given alikuwa Bernhard Schulte Shipmanagement, kundi lenye asili ya Ujerumani. Bonyeza jina la meneja wa namna hii utaona meli kibao za wamiliki mbalimbali, kinyume kabisa na lile ganda. Halafu kuna anayeendesha biashara, anayeuza nafasi za makontena na kupanga safari, ambaye pale ni Evergreen. Huyu usishangae kutomkuta kwenye rejista, maana mkataba wa kukodi kwa muda hausajiliwi popote, ni karatasi kati ya pande mbili. Utamkuta kwenye ratiba za safari za kampuni ya usafirishaji, au kwenye rangi ya meli, ambayo kwa mara ya kwanza leo inakuwa na faida.

Kuna pia kukodi meli tupu bila mabaharia, mkodishwaji anaichukua kama yake kwa miaka. Huo ni tofauti, unaweza kuandikwa, na unaweza hata kufanya meli ipeperushe bendera ya nchi nyingine wakati umiliki umebaki kwenye rejista ya kwanza. Melini kunatakiwa kuwe na kumbukumbu endelevu inayoitwa CSR, ina jina, bendera, mmiliki, mkodishwaji wa aina hii na kampuni ya ISM, kila mabadiliko na tarehe yake, ila ile wanaiona wakaguzi, sio mimi na wewe.

Na mwenye kontena, asidhani jina lililo kwenye hati yake ya shehena ndo mwendeshaji. Kampuni kubwa zinagawana nafasi kwenye meli za wenzao, unaweza kushika hati ya kampuni moja mzigo ukapanda meli ya nyingine.

Dhana: namba ikikubali, basi ni meli yenyewe

Ile namba unayoiona kwenye ramani ya kufuatilia meli imeandikwa kwa mkono kwenye kifaa cha AIS, kile cha melini kinachotangaza kwa redio meli ni ipi na iko wapi, na anayeandika anaweza kuandika chochote. Kuna meli zinazokwepa vikwazo zimekutwa zikitumia namba za meli zilizokwisha katwa skrepa, na hesabu yetu ya juu itakubali bila shida kwa sababu namba ni halali, aliyeibeba ndo sio. Kwa hiyo linganisha urefu, mwaka wa kujengwa na aina ya meli na picha ya karibuni. Ever Given ina mita 400, ukiona namba yake kwenye chombo cha mita 180 huna haja ya kumuuliza mtu. Angalia pia hali ya meli kwenye rekodi, kama imeandikwa kwamba imevunjwa halafu iko baharini inatembea kwa kasi ya noti 11, mmiliki unayemsoma pale hahusiki kabisa na kile unachokiona kwenye ramani.

Mwisho angalia tarehe iliyo pembeni ya kila kampuni, ile ya tangu lini. Tukio la Machi ukilisoma kwa rekodi ya Oktoba unaweza kumbebesha lawama mtu aliyeinunua meli mwezi Agosti.