Fomu za Tathmini ya Warsha: Wastani Mmoja Unaficha Nini

Dhana: Alama ya kuridhika ya warsha zote hupatikana kwa kujumlisha wastani wa kila warsha na kugawa kwa idadi ya warsha.

Ukweli: Njia hiyo huzipa fomu 8 uzito sawa na fomu 30. Tuseme walimu wa skuli wamehudhuria warsha tatu kisiwani Pemba, na wameulizwa, kwa alama za 1 hadi 5, wameridhika kiasi gani na uwasilishaji wa mada. Chake Chake zimerudi fomu 30 zenye wastani wa 4.5, Wete fomu 25 zenye 4.4, na Mkoani fomu 8 zenye 2.5. Wastani wa takwimu hizo tatu ni 3.8, lakini ukijumlisha alama zote, ambazo ni 265, ukazigawa kwa fomu 63, unapata 4.2. Hii ya pili ndiyo sauti ya washiriki, ila isiende kwa mratibu peke yake, kwa kuwa imeifunika Mkoani.

Na Mkoani pana jambo. Daftari la mahudhurio lina majina 24, lakini fomu ni 8 tu, kwani ziligawiwa dakika za mwisho, wengi wakiwa wameshatoka kuwahi gari. Muhtasari useme wazi “8 kati ya 24”. Kisha zitandaze fomu hizo mezani: nne zina alama 4, nne zina alama 1, na hakuna hata moja yenye 2 wala 3. Ile 2.5 si jibu la mtu yeyote. Wanne waliotoa 1 wameandika, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba jua la dirishani liliwazuia kuona maandishi ya projekta. Mratibu anayeletewa 2.5 kavu atamlaumu mkufunzi, kumbe kilichokosekana ni pazia.

Dhana: Swali lililoachwa wazi huandikwa 0.

Ukweli: Kipimo kinaanzia 1, kwa hiyo 0 si jibu. Iwapo kati ya fomu 30 nne zimeruka swali, na 26 zilizobaki zina jumla ya 104, wastani ni 4.0, ukijaza sifuri unashuka hadi 3.5. Kwenye Excel, acha kisanduku kitupu, kwani fomula ifuatayo hukiruka yenyewe:

```
=AVERAGE(B2:B31)
```

Dhana: Pendekezo la mtu mmoja liachwe.

Ukweli: Kuhesabu kunafaa kwa malalamiko ya kawaida, kama vile chai iliyochelewa. Lakini mshiriki mmoja akiandika kwamba ukumbi uko ghorofani naye hawezi kupanda ngazi, hilo hupanda juu ya orodha, na “mtu 1” ikiandikwa pembeni yake. Tahadhari pia na “muda hautoshi”: wengine wanataka siku zaidi, wengine wanataka mazoezi zaidi ndani ya siku zilezile, kwa hiyo maneno yao yanukuliwe yalivyo kabla ya kuwekwa fungu moja.