Fomu ya basari ikiingia kwenye simu bila neno

Msimu wa basari ukifunguliwa Kisumu, yeyote anayejulikana mtaani kwa kuelewa makaratasi hupata picha kwenye WhatsApp. Ni fomu iliyopigwa picha juu ya meza au juu ya goti, na chini yake hakuna hata "habari". Mimi nina saiba upande wa Kondele. Inayoniingilia zaidi ni fomu ya basari ya NG-CDF, ile ya hazina ya eneo bunge, na watu wengi wanaosaidia majirani kuijaza wanaongozwa na dhana zinazowagharimu hao hao majirani.

"Hakuandika kitu, kwa hivyo anataka nimjazie."

Picha isiyo na swali inaweza kuwa na ombi lolote kati ya matatu: nieleze, nijazie, au nikagulie. Ukianza kujaza kumbe mtu alitaka kuelezwa, unamrudishia fomu yenye majibu ambayo hakuyatoa. Ukimweleza mwanzo hadi mwisho kumbe aliijaza jana na anataka tu macho ya pili, umempotezea jioni.

Itazame picha yenyewe kwanza. Fomu tupu, kurasa zote zikiwa zimenyooka, mara nyingi ni ya mtu aliyetoka kuichukua sasa hivi na hajui aanzie wapi. Iliyojazwa jina na shule kisha kalamu ikasimama, swali lake liko pale kalamu iliposimama. Picha iliyosogezwa karibu na kisanduku kimoja, kidole gumba kikionekana pembeni, ni vivyo hivyo. Iliyojaa hadi sahihi, huyo kwa kawaida anaogopa kosa.

Hata hivyo dalili si jibu. Usimuulize "unataka nini?", maana ni ukali, na tena huenda yeye mwenyewe hajatenganisha hizo kazi tatu. Taja ulichokiona, kisha umpe cha kuchagua: "Habari ya jioni, mama. Naona hii ni fomu ya basari ya NG-CDF na umefika kwenye mapato ya mzazi. Nikueleze hapo, nikusaidie kujaza, ama niangalie kama uliyojaza yako sawa?" Atajibu kwa neno moja, nawe utajua pa kuanzia.

"Kueleza ni kumsomea kila mstari."

Anachohitaji mzazi ni kujua sehemu ipi ni yake, zilizobaki ni za nani, na aambatishe nini. Kwa kawaida sehemu ya mwanafunzi na mzazi hujazwa nyumbani, kuna ya mwalimu mkuu, kuna ya chifu au naibu wake, na ya mwisho ni ya kamati, isiyoguswa hata kwa tarehe. Viambatisho vya kawaida ni nakala ya kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na taarifa ya karo inayoonyesha salio. Lakini soma fomu iliyo kwenye picha, usieleze ile unayoikumbuka ya mwaka jana au ya eneo bunge la jirani.

"Kukagua ni kurekebisha kosa nikiliona."

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Chukua fomu ya mama mmoja wa Nyalenda, iliyojazwa yote, mhuri wa chifu tayari uko chini. Kwenye nafasi ya kitambulisho kuna tarakimu tisa. Wadi imeandikwa "Nyalenda", basi, na eneo bunge ni Kisumu ya Kati. Salio la karo kwa tarakimu ni 18,500, kwa maneno ni elfu kumi na tano na mia nane.

Mkaguzi mwenye haraka angechukua kalamu. Ukikaa nayo kidogo utaona kwamba hakuna hata moja kati ya hayo matatu unaloweza kulirekebisha ukiwa umeshika picha tu. Tarakimu tisa ni alama ya namba ya siriali, ile iliyo kushoto juu kwenye kitambulisho. Inayotakiwa iko upande wa kulia, na kwa wengi ina tarakimu nane. Unaweza kumwambia atazame kulia, lakini namba yenyewe huna. Salio nalo, unachojua ni kwamba maandishi mawili hayapatani. Lipi ni la kweli litajulikana kwenye taarifa ya karo, ambayo hakuituma.

Kosa zito zaidi halikufanana na kosa. Kuna wadi ya Nyalenda A na wadi ya Nyalenda B. B iko eneo bunge la Kisumu ya Kati, A iko Kisumu Mashariki. Kwa hivyo la kumuuliza kwanza ni hilo: "Mama, wewe ni wa A ama B?" Akisema A, fomu yote imeelekea ofisi isiyo yake, na hakuna haja ya kuhangaika na tarakimu za kitambulisho kwenye karatasi hiyo. Anzia daima kwenye kitu kinachoweza kuifanya fomu nzima isimfae, ndipo ushuke kwenye namba na tahajia.

Na hata akisema B, ule mhuri upo. Chifu ameshuhudia karatasi ikiwa na maneno fulani. Ukifuta au ukipaka rangi nyeupe baada ya hapo, unabadilisha alichokishuhudia, na mtu wa kamati akiona namba imekwaruzwa juu ya mhuri ana sababu ya kuiweka kando. Fomu mpya, ijazwe safi, irudishwe kwa chifu. Ni usumbufu, najua, hasa chifu akiwa barazani siku nzima. Ndiyo maana mtu akituma fomu ambayo bado haina mhuri, mwambie ikaguliwe kwanza kabla hajaipeleka kwa chifu.

"Naifahamu familia, naweza kumalizia nafasi zilizobaki."

Kumjazia mtu ni kuandika alichosema, kumsomea ulichoandika, kisha kumwachia sahihi yake. Hali ya wazazi ndipo majirani wanapoteleza. Wanaona baba haonekani, wanatia alama kwenye yatima. Baba aliyehama si marehemu, na aliyefiwa na mzazi mmoja hawekwi kisanduku kimoja na aliyefiwa na wote wawili. Kamati inaweza kutaka cheti cha kifo, na hapo mama ndiye atakayejieleza, si wewe uliyetia alama.

Mapato nayo hayataki kukisiwa. Mama anayeuza omena akisema "elfu moja na mia tano kwa siku", hayo ni mauzo. Muulize alinunua kwa ngapi, nauli na ushuru wa soko vilikula ngapi. Tuseme omena zilimgharimu 1,100 na hizo nyingine 100. Zinabaki 300, na akiuza siku 24 kwa mwezi mapato yake ni kama 7,200. Kuandika 36,000 kunamnyima mtoto nafasi bure, na kuandika "hana" kunazua maswali kwa mtu ambaye chifu humwona sokoni kila siku.

"Picha ikisomeka inatosha."

Inatosha kuonyesha kama fomu inapatana na yenyewe. Haionyeshi kama inapatana na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa au taarifa ya karo. Tena watu hupiga picha ukurasa wa mbele na kusahau wa nyuma, ambako mara nyingi ndiko liliko tamko la mzazi na nafasi ya sahihi. Kwa hivyo ukimaliza kukagua, mwandikie umekagua kurasa zipi na kipi hukukiona: "Nimeangalia ukurasa wa kwanza na wa pili. Wa tatu sijauona, na salio sijalilinganisha na karatasi ya shule."