Picha Zinazohamahama Kwenye Ripoti: Ziingize Ndani ya Mstari

Kazi inayoniletea wateja wengi hapa Mjini Unguja si kuchapa wala kuchapisha, ni kutengeneza mafaili ya Word yaliyovurugika. Mtu anakuja na ripoti ya kurasa arobaini, anasema jana ilikuwa sawa, leo ameongeza sentensi mbili tu na kila picha imekwenda njia yake. Karibu kila mara chanzo ni kimoja: picha na visanduku vya maandishi vinaelea juu ya ukurasa badala ya kukaa ndani ya mstari.

Nichukue ripoti moja ya mwanafunzi aliyeandika kuhusu kilimo cha mwani Paje. Msimamizi wake alimwambia aondoe aya moja ya sura ya tatu na aongeze maelezo ya vigingi na kamba. Alipofanya hivyo, picha ya shamba ilirukia ukurasa wa pili na kufunika jedwali, maneno ya chini ya picha yalibaki ukurasa wa kwanza peke yake, na picha nyengine haikuonekana kabisa. "Kaka, mie sikufuta picha," aliniambia. "Nilifuta aya tu."

Alisema kweli, na ndiyo maana ya tatizo lenyewe. Picha inayoelea haikai pale unapoiona. Imefungwa kwa nanga kwenye aya fulani, na Word lazima iiweke kwenye ukurasa ule ule ilipo aya hiyo. Aya ikisukumwa ukurasa wa pili, picha inaifuata. Aya ikifutwa pamoja na alama yake ya mwisho, picha inafutwa nayo. Na nanga inaweza kuwa kwenye aya ambayo haihusiani na picha kabisa, kwa sababu ukiivuta picha kwa mausi, kwa kawaida nanga nayo huhamia aya iliyo karibu na ulipoiachia.

Kuiona nanga ni rahisi. Bofya picha, na alama ndogo ya nanga itatokea pembeni mwa aya inayohusika. Ukitaka zionekane zote wakati wote, nenda File > Options > Display, uweke tiki kwenye Object anchors. Kwenye ripoti ile ya Paje, nanga ya picha ya shamba ilikuwa kwenye aya ya bei ya mwani, na kile kisanduku chenye maneno ya picha kilikuwa na nanga yake kwenye aya nyengine kabisa. Vitu viwili vinavyotakiwa vikae pamoja vilifungwa mahali pawili tofauti, basi vingeachaje kutengana?

Dawa yake ni hii. Bofya picha, bofya kitufe cha Layout Options kinachotokea pembeni yake, chagua In Line with Text. Picha itaingia ndani ya aya yenye nanga na kuwa kama herufi moja kubwa katikati ya maandishi. Usishtuke ikiwa imeangukia pabaya. Ikate kwa Ctrl+X, tengeneza aya tupu pale unapoitaka, ibandike humo iwe peke yake.

Hapo wengi hukutana na kioja: picha inabaki ukanda mwembamba tu, kama imekatwa kwa kisu. Picha ni nzima. Aya hiyo imerithi nafasi ya mistari ya aina ya Exactly, tuseme pointi 18, na Word inaonyesha kile tu kinachoenea kwenye pointi hizo. Fungua dirisha la Paragraph, weka Line spacing iwe Single, na picha itajitokeza yote. Mimi hutengeneza mtindo maalumu wa aya za picha, nikauita Picha: Single, katikati, bila kuingiza mstari wa kwanza ndani, na tiki kwenye Keep with next. Tiki hiyo ndiyo inayoizuia picha kuachana na maneno yake ya chini.

Maneno yenyewe yaandike baada ya kuiweka picha ndani ya mstari, si kabla. Ukitumia References > Insert Caption wakati picha inaelea, Word inayatia maneno ndani ya kisanduku kinachoelea nacho, na tumerudi kule kule. Picha ikiwa ndani ya mstari, maneno yanakuwa aya ya kawaida chini yake, yenye namba inayojihesabu.

Kazi iliyonichukua muda zaidi kwenye ripoti ile ni picha moja yenye mishale. Mwanafunzi alikuwa ameweka visanduku vitatu juu ya picha, kigingi, kamba na mwani, kila kimoja na mshale wake. Ukiiweka picha peke yake ndani ya mstari, mishale inabaki hewani. Kwa hiyo usianze na picha. Iache ielee kwanza, shikilia Ctrl na ubofye picha, visanduku na mishale yote, bofya kulia, chagua Group. Sasa vyote ni kitu kimoja, na kitu hicho ndicho unachokipa In Line with Text. Faili liwe la .docx, la .doc la zamani halikubali jambo hili vizuri.

Picha mbili za kando kwa kando, mwani mzima na mwani ulioharibika, niliziweka kwenye jedwali la safu mbili lisilo na mipaka: picha juu, maneno chini. Jedwali nalo linaweza kuelea, hasa likivutwa kwa mausi, kwa hiyo angalia Table Properties, Text wrapping iwe None. Ondoa pia tiki ya Automatically resize to fit contents kwenye Options, la sivyo picha kubwa itaminya mwenziwe.

Visanduku vya maandishi matupu, kama maneno ya mkulima aliyehojiwa, sioni sababu ya kuviokoa. Hamisha maneno, futa kisanduku, halafu ipe aya mpaka na rangi ya nyuma kwa Borders and Shading. Inaonekana vile vile, na ikiwa ndefu inaendelea ukurasa wa pili. Kisanduku kinachoelea hakiwezi. Kinamwagikia pambizo la chini.

Kuna gharama yake. Picha kubwa isipoenea chini ya ukurasa itakwenda ukurasa unaofuata na kuacha nafasi nyeupe. Usirudi kuiacha ielee kwa sababu hiyo. Sogeza aya inayofuata ipande juu ya picha, na kwenye maandishi usiseme "picha hapo chini" bali taja namba yake kwa References > Cross-reference. Mimi nafanya hivi mwisho kabisa, maandishi yote yakishakamilika.

Kwenye jalada, au tangazo la ukurasa mmoja la nyumba ya wageni, acha picha zielee. Hakuna mtu atakayeongeza aya pale.

Ukimaliza, jaribu: nenda mwanzo wa sura ya kwanza, bonyeza Enter mara kumi, kisha pitia kurasa zote. Picha ikiwa bado iko na maneno yake na haijafunika kitu, bonyeza Ctrl+Z mpaka mistari tupu uliyoongeza iondoke, na umpelekee msimamizi. Ikiwa moja imeruka, ibofye utazame nanga yake iko wapi.