Krosova za komiki: watu wanavyodhani na zilivyo kweli

Dhana: ili uielewe krosova, yaani hadithi moja inayosambaa kwenye siriz kadhaa, lazima usome kila toleo lenye nembo yake juu ya kava.

Hii ndo inawakimbiza watu wengi. Chukua Civil War ya Marvel, ya 2006 hadi 2007. Siriz kuu ina matoleo 7 tu, kaandika Mark Millar kachora Steve McNiven, ila nembo ya Civil War ilibandikwa kwenye makumi ya matoleo ya siriz zingine. Mtu akiona lile rundo anakata tamaa kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Ukweli ni kwamba yale 7 ndo uti wa mgongo. Mlipuko wa Stamford, sheria ya mashujaa kujisajili, Iron Man upande huu na Captain America upande ule, mwanzo na mwisho wa ugomvi vyote vimo humo humo. Yaliyobaki ni ya pembeni, mfano Wolverine 42 mpaka 48 yeye anamsaka Nitro aliyelipua, ukiiruka hupotei popote.

Dhana: basi ya pembeni yote ni ya kuuza tu, achana nayo.

Hapana, hapo umeruka upande wa pili. Kwenye Civil War namba 2 Spider-Man anavua barakoa mbele ya waandishi wa habari, halafu namba 5 unamkuta ameshagombana na Iron Man anakimbia, na ukisoma siriz kuu peke yake unabaki unajiuliza huyu jamaa kageuka saa ngapi?? Jibu liko kwenye Amazing Spider-Man 532 hadi 538, hasa 535 pale anapopelekwa kuona gereza walilojengewa mashujaa waliokataa kujisajili, moyo unamgeuka. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: soma uti wa mgongo kwanza, ukifika sehemu mhusika kabadilika bila sababu kuonekana, fuata siriz yake mwenyewe. Mimi kwa Civil War nachukua Spider-Man tu na Captain America 25, ambayo inatoka baada ya vita kuisha na inaonyesha kilichompata Cap.

Dhana: nikipata kitabu cha mkusanyo nimemaliza kazi.

Inategemea kimekusanya nini. Kile cha Civil War chenyewe kina yale 7, cha Spider-Man ni kingine. Na hapa kuna mtego, ukikaa ukasoma kitabu cha Spider-Man chote kabla ya kile kikuu umejiharibia, maana hayo matoleo 7 ya Spider-Man nayo yanatembea sambamba na vita nzima. Inabidi uchanganye: soma kuu hadi namba 2, hamia Spider-Man mpaka 535, rudi kwenye kuu, na 538 iache ya mwisho kabisa. Namba za siriz mbili hazilingani, usijaribu kuzioanisha, angalia lipi lilitangulia kutoka. Marvel wenyewe walilijua hilo, Civil War namba 4 ilipochelewa walisogeza mbele na baadhi ya yale ya pembeni ili yasitoboe siri.

Dhana: kila krosova ina siriz kuu, itafute hiyo uanze nayo.

Hapa ndo nilipoumia mimi. X-Cutioner's Song ya 1992 haina siriz kuu kabisaaa. Hadithi ni moja, sehemu 12, inapokezanwa na siriz nne kama kijiti: Uncanny X-Men 294, halafu X-Factor 84, halafu X-Men 14, halafu X-Force 16, kisha unarudi Uncanny 295 na mzunguko unaanza upya, mara tatu. Mi nilikuwa shabiki wa X-Force tu, nikasoma 16, 17 na 18 mfululizo, kumbe nimesoma sehemu ya 4, ya 8 na ya 12! Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, ameshapigwa risasi, watu wanamtafuta Cable wa X-Force kwa hasira, na mi sijui kafanyaje (sio yeye bwana, ni adui yake Stryfe, wanafanana sura). Nikadhani mwandishi hajui kazi.

Aina hii huwezi kuruka hata moja, na siriz unayoipenda haikupi msamaha. Utaitambua kwa kuwa toleo linaisha katikati ya tukio na linalofuata kwenye siriz hiyo hiyo linaanza sehemu nyingine kabisa. Afadhali hapa utafute mkusanyo, maana sehemu zote 12 zinakuwa zimeshapangwa kwa mpangilio wake. Matoleo ya zamani yaliuzwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi, na wapo walioyaweka hivyo hivyo bila kufungua mpaka leo, sijui hao hadithi waliisoma wapi.